Nyaraka za kuanzisha kampuni Tanzania Bara, na deni la kampuni linapomfikia mwanahisa

Mwongozo huu unahusu kampuni binafsi yenye mtaji wa hisa, inayosajiliwa Tanzania Bara chini ya Sheria ya Makampuni, Sura ya 212, kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA. Zanzibar ina sheria yake na wakala wake, kwa hiyo anayesajili huko afuate taratibu za huko. Nimechagua kufuata jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho: ni kitu gani hasa mwanahisa anakubali kulipa siku anapotia saini katiba ya kampuni, na ni kwa njia zipi deni la kampuni linaweza kumfikia nyumbani kwake ingawa jina la kampuni linaishia na neno "Limited".

Ili maelezo yasielee hewani, tuchukue mfano wa kubuni. Dada na kaka wa Singida wanakamua mafuta ya alizeti kwa mashine moja, na sasa wanataka kampuni ili wapate mkopo wa benki na wauze kwa maduka makubwa. Tutakwenda nao hatua kwa hatua, kisha tutawafuata hadi siku kampuni inaposhindwa kulipa.

Hatua ya kwanza: jueni mnazaa mtu mwingine

Kampuni ikisajiliwa, sheria inaitambua kuwa mtu anayejitegemea. Inamiliki mali kwa jina lake, inadai na kudaiwa, inashtaki na kushtakiwa, na wanahisa wakifa au wakiuza hisa zao yenyewe inaendelea kuwapo. Kesi ambayo mahakama za nchi zilizorithi sheria ya Uingereza, Tanzania ikiwemo, huirejea katika jambo hili ni ya Salomon. Aron Salomon alikuwa mtengenezaji wa viatu jijini London ambaye mwaka 1892 aliuza biashara yake kwa kampuni aliyoianzisha mwenyewe. Wanahisa walikuwa saba: yeye, mkewe na watoto watano. Kati ya hisa 20,007 yeye alikuwa na 20,001, na wengine walikuwa na moja moja. Sehemu ya bei ya biashara kampuni haikumlipa taslimu, bali ilimpa hati za deni za pauni 10,000 zilizowekewa dhamana mali ya kampuni. Mwaka uliofuata kampuni ilianguka, na wadai wasio na dhamana walidai kwamba Salomon na kampuni yake ni kitu kimoja, hivyo alipe yeye. Mahakama za chini ziliwakubalia, lakini Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, katika uamuzi wa Novemba 1896 ambao vitabu vya kesi vinauweka mwaka 1897, lilisema kampuni iliyosajiliwa kihalali ni mtu tofauti kabisa na waliotia saini kuianzisha, hata kama mmoja wao anamiliki karibu hisa zote. Madeni yalikuwa ya kampuni, na Salomon hakupaswa kuyalipa.

Kanuni hiyo inakata pande zote mbili, na upande wa pili ndio unaosahauliwa. Macaura, mwenye shamba huko Ireland, aliiuzia kampuni yake mbao zote, lakini bima ya moto ilikuwa kwa jina lake mwenyewe. Mbao ziliungua, na mwaka 1925 Baraza la Malodi likaamua kwamba hakuwa na haki ya kulipwa, kwa sababu mbao zilikuwa mali ya kampuni na mwanahisa hana umiliki wa mali ya kampuni. Kwa hiyo dada yetu wa Singida akiingiza mashine ya kukamua katika kampuni, mashine si yake tena. Anachomiliki ni hisa. Bima ya mashine iandikwe kwa jina la kampuni, na fedha za mauzo asizichukue kama za mfukoni mwake, bali zitoke kwa njia inayoandikwa kwenye vitabu: mshahara, gawio au marejesho ya mkopo alioikopesha kampuni.

Hatua ya pili: andaeni katiba ya kampuni

Katiba ya kampuni, ambayo maofisini huitwa kwa mkato "memati", ni nyaraka mbili zinazofungwa pamoja. Ya kwanza ni waraka wa uanzishaji, unaoieleza kampuni kwa watu wa nje. Ya pili ni kanuni za ndani, zinazoeleza jinsi wanahisa na wakurugenzi watakavyoishi pamoja.

Waraka wa uanzishaji ni mfupi. Unataja jina la kampuni, kwamba ofisi yake iliyosajiliwa ipo Tanzania, madhumuni ya biashara, kwamba dhima ya wanahisa ina kikomo, na kiasi cha mtaji wa hisa na mgawanyo wake. Kwa kampuni yetu ibara mbili za mwisho zingesomeka hivi: "Dhima ya wanahisa ina kikomo. Mtaji wa hisa wa kampuni ni shilingi 10,000,000, uliogawanywa katika hisa 10,000 za shilingi 1,000 kila moja." Katika madhumuni, andikeni kazi mnayoifanya kweli na zile mnazotarajia kuziongeza karibuni, kwa sababu ofisi ya leseni na benki zitalinganisha maombi yenu na ibara hiyo. Orodha ndefu iliyonakiliwa kutoka katiba ya kampuni nyingine, yenye madini, utalii na ujenzi ndani yake, haiwasaidii wakamua alizeti.

Ukurasa wa mwisho wa waraka huo ndio wenye uzito kuliko kurasa zote. Una jedwali lenye majina ya waanzilishi, anwani zao, idadi ya hisa ambazo kila mmoja anachukua, na saini zao mbele ya shahidi. Tuseme dada anachukua hisa 3,000 na kaka hisa 2,000, na hisa 5,000 zilizobaki hazijatolewa kwa mtu yeyote. Dada analipa shilingi 3,000,000 zote katika akaunti ya kampuni. Kaka, ambaye hisa zake zina thamani ya shilingi 2,000,000, analipa nusu na kuahidi kumalizia baadaye.

Tangu siku ile ya usajili, kaka anadaiwa na kampuni shilingi 1,000,000. Hilo ndilo "kikomo" linalosemwa katika ibara ya dhima: mwanahisa hawajibiki kwa deni la kampuni zaidi ya kiasi ambacho hajakilipia katika hisa alizochukua. Aliyelipa zote, kikomo chake ni sifuri. Aliyelipa nusu, kikomo chake ni ile nusu iliyobaki. Hisa 5,000 ambazo hakuna aliyezichukua hazimfanyi yeyote adaiwe.

Hapa ndipo ninapoona hatari kubwa inayoingiwa bila kujua. Ili kampuni ionekane na nguvu kwenye zabuni, watu wawili huandika mtaji wa shilingi 200,000,000 na kugawana hisa zote katika jedwali la waanzilishi, ilhali walichonacho ni shilingi 4,000,000. Wanadhani ni namba ya kupamba karatasi. Kumbe wamejiandikia deni la shilingi 196,000,000, na siku kampuni ikishindwa na mfilisi akateuliwa kukusanya mali zake na kuwalipa wadai, jambo la mapema atakalofanya ni kufungua ukurasa huo na kuuliza risiti za malipo ya hisa ziko wapi. Kama mnataka mtaji mkubwa ulioidhinishwa kwa ajili ya wawekezaji wa baadaye, uwekeni, mkijua kwamba ada ya usajili hupanda kadiri mtaji unavyopanda. Lakini katika jedwali la waanzilishi chukueni hisa ambazo mmezilipia au mnaweza kuzilipia. Na malipo yenyewe yapitie benki yakiwa na maelezo "malipo ya hisa", kwa sababu miaka mitano baadaye kumbukumbu ya mdomo haitamtosha mfilisi.

Kanuni za ndani ni ndefu zaidi, na wengi huchukua nakala ya kawaida bila kuisoma. Nakala ya kawaida itakuwa na mambo yanayoifanya kampuni kuwa binafsi: uhamishaji wa hisa una masharti, wanahisa hawazidi 50, na umma haualikwi kununua hisa. Kwa kampuni ya watu wawili, ongezeni umakini kwenye vipengele vitatu: nani anazipokea hisa mmoja akifa au akitaka kuuza, uamuzi unafikiwaje kura zikilingana kwenye kikao cha wakurugenzi, na wakurugenzi wanawezaje kuita malipo ya hisa zilizobaki na nini kinatokea asiyelipa akikaidi. Kipengele hicho cha mwisho kinaweza kusomeka: "Wakurugenzi wanaweza kumtaka mwanahisa alipe kiasi ambacho hakijalipwa katika hisa zake kwa kumpa taarifa ya maandishi ya siku zisizopungua 14, akishindwa, hisa hizo zinaweza kutaifishwa na kampuni, naye ataendelea kuwajibika kwa kiasi alichokuwa anadaiwa." Kanuni za ndani ni mkataba kati ya kampuni na wanahisa wake, hivyo kama zimeandikwa kwa Kiingereza na mmoja wenu hakisomi vizuri, mtafsirieni kabla hajaweka saini.

Msomaji wa Kenya atakuta mpangilio tofauti kidogo. Chini ya Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015, waraka wa uanzishaji umebaki kuwa tamko fupi la waanzilishi kwamba wanataka kuunda kampuni na kuchukua angalau hisa moja kila mmoja, na karibu mambo yote mengine yamehamia kwenye kanuni za ndani. Mtu mmoja peke yake anaweza kuanzisha kampuni. Maelezo kuhusu dhima yanayofuata hapa yanamfaa msomaji huyo wa Kenya pia, kwa sababu chimbuko ni lilelile.

Hatua ya tatu: usajili wenyewe

Maombi hufanywa kwa mtandao katika mfumo wa BRELA, `ors.brela.go.tz`. Mwombaji Mtanzania hujisajili kwa namba ya kitambulisho cha NIDA, na wakurugenzi huhitaji pia namba ya mlipakodi, yaani TIN. Jina la kampuni hutafutwa kwanza ili lisifanane na lililokwisha kusajiliwa. Kisha hujazwa anwani ya ofisi, shughuli za biashara, wakurugenzi wasiopungua wawili, katibu wa kampuni, wanahisa na hisa zao, pamoja na wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaonufaika na kampuni au kuiongoza hata kama hisa zimeandikwa kwa jina jingine. Mfumo hutoa fomu ya pamoja ambayo huchapishwa, husainiwa na kupandishwa tena ikiwa PDF, pamoja na katiba na tamko la uadilifu. Ada hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo.

Maombi mengi hurudishwa kwa sababu ndogo: hisa zilizojazwa kwenye fomu hazilingani na jedwali la waanzilishi, jina la mtu kwenye katiba ni tofauti na lile la NIDA, au saini ya shahidi haipo. Kabla ya kutuma, wekeni fomu na katiba kando kwa kando mkalinganishe kila jina na kila namba.

Kampuni inazaliwa tarehe iliyoandikwa kwenye cheti cha usajili, wala si tarehe mliyoketi na kukubaliana, wala ile ya kulipa ada. Jambo hili lina madhara ya moja kwa moja kwa dhima. Tuseme dada, wiki tatu kabla ya cheti kutoka, anasaini mkataba wa kupanga ghala "kwa niaba ya kampuni". Kampuni haikuwepo, na asiyekuwepo hawezi kuwakilishwa. Katika kesi ya Kelner dhidi ya Baxter ya mwaka 1866, waanzilishi wa kampuni ya hoteli walinunua mvinyo kwa niaba ya kampuni ambayo haijasajiliwa. Mvinyo ukanywewa, kampuni ikafilisika, na waanzilishi wakaamriwa kulipa wenyewe, hata ingawa kampuni ilipozaliwa ilijaribu kuukubali mkataba ule. Dawa ni kusubiri cheti. Kama mwenye ghala hasubiri, mkataba wa awali useme wazi kwamba utakoma mara kampuni itakaposaini mkataba mpya wa aina hiyohiyo, na cheti kikitoka mkataba huo mpya usainiwe kweli.

Hatua ya nne: sainini kama kampuni

Baada ya cheti, chukueni TIN ya kampuni kutoka TRA, fungueni akaunti ya benki ya kampuni, na badilisheni ankara, risiti, muhuri na hati za mapokezi ya mbegu. Muuzaji wa mbegu za alizeti aliyekuwa akimuuzia dada kwa miaka mingi hatajua kwamba sasa anaiuzia kampuni, na akiendelea kumwandikia dada hati kwa jina lake, dada ndiye atakayeshtakiwa. Mwisho wa mkataba, saini isomeke: jina kamili la kampuni kama lilivyo kwenye cheti, chini yake saini, kisha jina la aliyesaini na neno "Mkurugenzi". Saini tupu chini ya mkataba unaoanza na "Mimi" ni saini ya mtu binafsi.

Deni likija: hesabu ya kampuni iliyofilisika

Miaka minne imepita, bei ya mafuta imeshuka, na mahakama imeamuru kampuni ifilisiwe. Benki inadai shilingi 25,000,000, na mkopo huo uliwekewa dhamana ya mashine. Zaidi ya hapo, dada alisaini dhamana binafsi kwa benki, yaani aliahidi kulipa mwenyewe kampuni isipolipa. Wauzaji wa mbegu, wasio na dhamana yoyote, wanadai shilingi 20,000,000.

Mashine inauzwa shilingi 15,000,000, na fedha hizo zinakwenda benki, ambayo inabaki inadai 10,000,000. Mbegu na mafuta yaliyokuwa ghalani, pamoja na salio la benki, vinaleta shilingi 3,000,000. Mfilisi anafungua jedwali la waanzilishi, anaona kaka hajamalizia hisa zake, anamdai ile 1,000,000, na kaka analipa. Sasa kuna 4,000,000. Tuseme gharama za ufilisi na mishahara ya wafanyakazi, ambavyo hulipwa kabla ya wadai wa kawaida, vinachukua 1,000,000. Zinabaki 3,000,000 za kugawiwa kwa madeni ya jumla ya shilingi 30,000,000, yaani 20,000,000 za wauzaji na 10,000,000 zilizobaki za benki. Kila mdai anapata asilimia 10: wauzaji 2,000,000, benki 1,000,000.

Wauzaji wamepoteza 18,000,000, na hawawezi kwenda nyumbani kwa dada wala kwa kaka kuzidai, hata kama dada ana nyumba nzuri mjini. Hiyo ndiyo maana halisi ya ukomo wa dhima. Kaka amepoteza 2,000,000, yaani thamani ya hisa zake, na biashara imekwisha kwake.

Dada hali yake ni tofauti. Amepoteza 3,000,000 za hisa, na benki, ambayo bado inadai 9,000,000, inamdai yeye kwa sababu alidhamini. Hapa utu wa kisheria wa kampuni haujavunjwa. Deni analolipa dada linatokana na ahadi yake mwenyewe aliyoitoa katika karatasi nyingine, na kwa kawaida benki haikulazimika hata kungoja ufilisi ndipo imdai. Ndiyo maana nasema waziwazi kwamba kwa kampuni ndogo, waraka unaoamua hatima ya nyumba ya mwanahisa mara nyingi ni fomu ya dhamana ya benki kuliko katiba. Isomeni kabla ya kuisaini. Tafuteni kama ina kiwango cha juu au haina, kama inafunika mkopo huu tu au na mikopo yote ya baadaye, na kama wadhamini wakiwa wawili kila mmoja anadaiwa deni lote. Ombeni kiwango cha juu kiandikwe kwa tarakimu, na dhamana iishe mkopo huo ukiisha.

Pale mahakama na sheria zinapovuka mpaka wenyewe

Kuna hali chache ambapo mahakama hufunua pazia la kampuni na kumtazama aliye nyuma yake. Inayoeleweka kirahisi ni pale kampuni inapotumiwa kukwepa wajibu ambao mtu tayari alikuwa nao. Katika kesi ya Jones dhidi ya Lipman ya mwaka 1962, mtu alikuwa amekubali kuuza ardhi, akabadili nia, akaihamishia kwenye kampuni yake ili asilazimishwe. Mahakama iliamuru yeye na kampuni yake waikabidhi. Kushindwa kulipa peke yake, au kuwa na mwanahisa mmoja mwenye hisa nyingi, hakutoshi. Hivyo ndivyo Salomon alivyoshinda.

Njia nyingine humfikia mkurugenzi kwa sababu ya matendo yake kama mkurugenzi, si kama mwenye hisa. Aliyeendesha kampuni kwa nia ya kuwadanganya wadai, kwa mfano kwa kuagiza mbegu kwa mkopo akijua hazitalipwa kamwe, anaweza kuamriwa na mahakama kuchangia madeni. Sheria ya Usimamizi wa Kodi nayo inaweza kuwafikia wasimamizi wa kampuni kwa kodi ambayo kampuni haikuilipa, isipokuwa waonyeshe walichukua uangalifu unaostahili. Dada na kaka ni wanahisa na pia wakurugenzi, kwa hiyo wavae kofia ya pili kwa makini: vikao viandikwe muhtasari, hesabu zifungwe, taarifa ya mwaka iwasilishwe BRELA, na kodi iliyokatwa kwenye mishahara isitumike kununua mbegu.

Anayetaka kutoka

Kaka akiamua kuuza hisa zake kabla kampuni haijaanguka, hati ya uhamisho isajiliwe kwenye daftari la wanahisa na BRELA ijulishwe. Makubaliano ya mezani hayamwondoi. Kama hisa hazijalipiwa zote, ajue kwamba kampuni ikifilisiwa ndani ya mwaka mmoja tangu atoke, anaweza kudaiwa kiasi kilichobaki kwa madeni ya wakati alipokuwa ndani, iwapo aliyezinunua hawezi kulipa. Na yule aliyetoa dhamana binafsi, kuuza hisa au kujiuzulu ukurugenzi hakuifuti dhamana hiyo. Aiandikie benki barua kuomba aondolewe, na asihamishe hisa hadi ashike mkononi jibu la benki lenye muhuri linalosema ameondolewa na nani amechukua nafasi yake.